Anajua Rangi Si Jibu, na Bado Anaweka Rangi

Leo nataka tukae na namba moja tu. Ni namba inayoandikwa kwenye ripoti za watu walioumia kichwa, nayo husomwa haraka kuliko inavyostahili. Ripoti husema mgonjwa amefanya makosa ya kung'ang'ania 47, au 24, au 15. Daktari akisoma, na familia ikiambiwa, mara nyingi hitimisho huwa limeshafikiwa: sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, imeharibika. Mimi nasema namba hiyo ikiwa peke yake haina uwezo wa kutufikisha huko. Tukiifungua tuone imetoka wapi, hapo ndipo inaanza kusema kitu.

Namba hiyo hutoka kwenye kipimo cha kupanga kadi, kilichoanzia Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Mwaka 1948 David Grant na Esta Berg walichapisha kazi yao kuhusu jinsi mtu anavyoacha njia moja ya kujibu na kushika nyingine. Mezani huwekwa kadi nne. Ya kwanza ina pembetatu moja nyekundu, ya pili nyota mbili za kijani, ya tatu misalaba mitatu ya njano, na ya nne maduara manne ya bluu. Zikumbuke hizo nne, maana tutazihitaji. Kisha mgonjwa hupewa kadi nyingine, moja baada ya moja, hadi 128, na kila moja aiweke chini ya mojawapo ya zile nne, pale anapoona inalingana. Inalingana kwa kigezo gani, haambiwi. Mpimaji hujibu kwa neno moja tu kila mara: sahihi, au si sahihi.

Mpimaji anayo kanuni ambayo mgonjwa haijui. Anaanza na rangi. Mgonjwa akipatia mara kumi mfululizo, kanuni inageuka kuwa umbo, na hakuna anayemwambia. Kitu pekee anachokisikia ni kwamba kadi aliyoiweka kama kawaida, safari hii si sahihi. Akipatia umbo mara kumi, inakuja idadi, halafu zamu zinarudia rangi, umbo na idadi. Akimaliza zamu sita, au kadi zikiisha, kazi imekwisha. Akiendelea kufuata kanuni ya zamani baada ya kuambiwa kwamba siyo, hilo ndilo tunaloliita kosa la kung'ang'ania.

Sifa ya kipimo hiki katika hospitali ilikuja na Brenda Milner, mwanasaikolojia wa Montreal, Kanada. Alikuwa anawapima wagonjwa wa kifafa kabla na baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu ya ubongo iliyokuwa inaanzisha degedege. Mwaka 1963 alionyesha kwamba wale waliokatwa sehemu ya mbele, upande wa juu na wa nje, walibaki kwenye kanuni ya zamani kadi baada ya kadi, wakati waliokatwa sehemu nyingine walihama vizuri zaidi. Matokeo yalikuwa na nguvu, na kuanzia hapo madaktari wengi wakazoea kukisoma kipimo hiki kana kwamba ni picha ya sehemu ya mbele ya ubongo. Milner mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko wafuasi wake. Alitaja eneo mahsusi, na akaona kwamba walioumia sakafu ya sehemu hiyohiyo ya mbele, juu ya matundu ya macho, hawakuonyesha kasoro ile. Tutarudi huko.

Sasa twende mezani. Nimeunda mfano wa mtu ambaye hayupo, ili tuifuate hesabu hatua kwa hatua. Ni mtunza stoo mwenye miaka 34, aliyeanguka na pikipiki miezi sita iliyopita, na picha ya kichwa inaonyesha jeraha sehemu ya mbele, kushoto, upande wa juu na wa nje. Amemaliza zamu ya rangi bila shida. Kanuni sasa ni umbo, naye hajui.

Kadi ya kwanza ina misalaba miwili myekundu. Tazama vizuri: kwa rangi ingekwenda kwenye pembetatu nyekundu, kwa umbo kwenye misalaba, kwa idadi kwenye nyota mbili. Njia tatu, mahali patatu tofauti. Anaiweka kwenye pembetatu nyekundu. Si sahihi. Kadi ya pili ina pembetatu nne za kijani. Anaiweka kwenye nyota za kijani. Si sahihi. Kadi ya tatu ina pembetatu tatu nyekundu. Anaiweka kwenye pembetatu nyekundu, na mpimaji analazimika kusema: sahihi. Kadi ya nne ina nyota moja ya bluu. Anaiweka kwenye maduara ya bluu. Si sahihi.

Hebu tuhesabu. Kadi ya kwanza, ya pili na ya nne ni makosa ya kung'ang'ania, hakuna ubishi. Ile ya tatu je? Alipatia. Lakini alipatia kwa rangi au kwa umbo? Kadi ile ililingana na ile moja ya mezani kwa vyote viwili. Kanuni za usahihishaji zilizoandikwa na Robert Heaton mwaka 1981, na kuboreshwa mwaka 1993, zinajibu hivi: ikiwa kadi yenye utata imebanwa katikati ya majibu mawili yaliyo wazi kwamba ni ya kung'ang'ania, nayo inafuata kanuni ileile ya zamani, basi ihesabiwe kuwa jibu la kung'ang'ania. Kwa hiyo mtunza stoo wetu ana majibu manne ya kung'ang'ania, na makosa matatu. Ndiyo sababu ripoti nzuri huwa na namba mbili zinazofanana majina na kutofautiana thamani. Anayezichanganya, au anayelinganisha moja ya mgonjwa na nyingine ya kitabu, ameshapotea kabla hajaanza kufasiri.

Ile kadi ya tatu ina jambo jingine, na kwangu ndilo kubwa. Fungu moja la kadi lina kadi 64, na kati yake ni 24 tu ambazo rangi, umbo na idadi huzipeleka mahali patatu tofauti. Nyingine 40 zina utata wa namna fulani. Maana yake ni kwamba mtu aliyeng'ang'ania rangi atasikia neno sahihi kila baada ya muda, kwa kanuni ambayo si sahihi. Mtu mzima mwenye afya huivumilia zawadi hiyo ya uongo, analinganisha kadi kadhaa, na anagundua. Mwenye jeraha anaweza kuishikilia kama ushahidi. Kwa hiyo baadhi ya tunachokiita kung'ang'ania kinalishwa na kadi zenyewe, na anayesahihisha bila kutazama mfuatano hatalijua hilo.

Mwishoni mtunza stoo amemaliza zamu nne katika kadi 128. Ana makosa 58, na 47 kati yake ni ya kung'ang'ania. Baada ya badiliko la kwanza la kanuni alikosa kwa kung'ang'ania mara 20, baada ya la pili mara 14, kisha 8, kisha 5. Kabla hatujashtuka, tukumbuke kwamba kosa moja katika kila badiliko halikwepeki. Hakuna aliyemwambia kanuni imegeuka, kwa hiyo kosa la kwanza ndilo habari yenyewe. Mtu mwenye akili timamu kabisa aliyemaliza zamu zote sita atatoka na makosa ya kung'ang'ania yapatayo matano, na hakuna ugonjwa hapo. Kinachonihusu mimi ni yaliyofuata lile la kwanza, na namna yanavyopungua au yasivyopungua. Kwa mtu huyu yanapungua, 20 hadi 5. Kuna kitu anajifunza, ila polepole mno.

Kando yake nimweke mtu wa pili, naye wa kutungwa. Amepata ajali wiki tatu zilizopita. Amemaliza zamu moja tu. Ana makosa 86, na 24 yamehesabiwa kuwa ya kung'ang'ania. Msomaji wa haraka ataona 24, ataona zamu moja, naye atasema: huyu pia kang'ang'ania, sehemu ya mbele imeguswa.

Lakini fanya hesabu hii. Chukua kadi isiyo na utata, na mpe mtu anayeiweka popote mkono unapoangukia. Mara moja kati ya nne atapatia. Mara moja kati ya nne ataiweka kwa kanuni ya zamani. Mara moja kati ya nne ataiweka kwa ile kanuni nyingine isiyohusika. Na mara moja ataiweka mahali isipolingana na chochote. Kwa hiyo theluthi moja ya makosa yake itahesabiwa kuwa ya kung'ang'ania, ingawa hang'ang'anii kitu. Kadi zenye utata zinaishusha hesabu hiyo hadi karibu na robo. Sasa rudi kwa mtu wetu: 24 kati ya 86. Iko karibu sana na pale ambapo bahati nasibu ingeiweka. Kwa mtunza stoo, 47 kati ya 58 ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Yule ana kanuni moja mkononi na haiachi. Huyu hana kanuni yoyote.

Dalili ninayoitafuta kwa mtu wa pili ni yale makosa yasiyolingana na chochote, kama misalaba miwili myekundu kuwekwa kwenye maduara manne ya bluu. Mtu anayeng'ang'ania hafanyi hivyo, au hufanya mara chache sana. Yakiwa mengi, nauliza maswali mengine. Je, alielewa maelekezo? Anajua leo ni siku gani? Alilala? Ana maumivu? Na natazama mpangilio wa mezani: kama hakugusa kabisa kadi ya kushoto, huenda jeraha lake linamfanya asione au asijali upande huo, na kipimo kizima kimegeuka kuwa kipimo cha macho. Kama ana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, zamu ya rangi haina maana kwake. Na kama bado yuko katika ule ukungu wa wiki za mwanzo baada ya ajali, ambapo kumbukumbu za siku hadi siku hazishiki, basi alipimwa mapema mno. Namba yake haifai kuandikwa kwenye ripoti kama hitimisho, hata kwa wino mwepesi.

Kuna mtu wa aina ya tatu, ambaye huchanganywa na hao wawili. Huyu anagundua kanuni, anapatia mara tano, sita, saba, halafu anaiacha kabla ya kufika kumi, bila sababu inayoonekana. Hakushindwa kuhama, alishindwa kukaa. Donald Stuss na wenzake wa Toronto walionyesha mwaka 2000 kwamba tofauti hii inafuata mahali pa jeraha. Walioumia sehemu ya mbele upande wa nje, au katikati upande wa juu, walitatizika kuhama. Walioumia katikati upande wa chini hawakutatizika hivyo, bali walipoteza kanuni waliyokuwa nayo. Sehemu ya mbele ya ubongo si chumba kimoja chenye kazi moja, na mtu anayeisoma kwa namba moja anawatendea wagonjwa hawa wote kana kwamba wana tatizo moja.

Nirudi kwa mtunza stoo, maana sijasema lililo gumu zaidi kwake. Kwenye kadi ya pili, kabla hajaiweka, alinong'ona: rangi siyo tena. Na mkono ukaenda kwenye rangi. Milner aliliona hili kwa wagonjwa wake: mtu anaweza kuitamka kanuni, akakiri kwamba ya zamani imekufa, na maneno yake mwenyewe yasiuongoze mkono wake. Familia zikiona jambo kama hili nyumbani huliita ubishi au dharau. Mke anasema, nimemweleza, ameelewa, amenijibu vizuri, halafu amefanya vilevile. Anasema kweli kwa kila neno, isipokuwa pale anapodhani kwamba kuelewa na kufanya ni kitu kimoja kwa mumewe, kama ilivyokuwa zamani.

Kwa sababu hiyo mimi huandika kila neno analolisema mgonjwa pembeni mwa karatasi ya alama. Akisema, mbona mmenigeuzia, nafurahi: amesikia habari. Akiwa kimya na anakosea kwa utulivu, huenda neno si sahihi halimfikii hata kidogo. Na mzee wa heshima anayenyamaza kwa sababu hataki kumpinga mpimaji ni habari nyingine kabisa. Karatasi ya alama haiwezi kuwatofautisha watu hawa watatu.

Kuna njia ya kulipima swali hili moja kwa moja. Mwaka 1976 Hazel Nelson, nchini Uingereza, alipunguza kadi zikabaki 48, yaani zile 24 zisizo na utata zikirudiwa mara mbili. Mgonjwa anahitaji kupatia mara sita tu, na kanuni ikibadilika anaambiwa wazi: kanuni imebadilika, tafuta nyingine. Watu wengine husema hiyo ni kurahisisha kipimo. Mimi naona imetupa swali jipya. Ukimpa mtunza stoo toleo hilo na akahama mara moja, basi shida yake ilikuwa kugundua badiliko kutokana na makosa, na neno la mtu mwingine linamwokoa. Akiambiwa wazi na bado mkono ukabaki kwenye rangi, hapo tuna jeraha zito zaidi, na kumwambia hakutatosha.

Nilikuahidi tutarudi kwenye ile sakafu juu ya matundu ya macho. Katika ajali za barabarani, ubongo hutikisika na kusuguana na mfupa wa chini ya sehemu ya mbele, ambao una kingo zinazokwaruza. Kwa hiyo hapo ndipo michubuko hupatikana mara nyingi, na hapo ndipo kipimo cha kadi hakifiki. Kuna mgonjwa mmoja anayejulikana katika maandishi ya kitabibu kwa herufi EVR tu. Alitolewa uvimbe eneo hilo, na habari yake ikachapishwa na Paul Eslinger na Antonio Damasio mwaka 1985. Kwenye kadi alifanya vizuri kama mtu yeyote. Maishani alifilisika, akaachana na mke mara mbili, na akashindwa kudumu kazini. Ripoti yake ingeweza kusema hana makosa ya kung'ang'ania, na ingekuwa kweli tupu isiyomsaidia mtu.

Upande wa pili nao unauma. Mwaka 1991 Steven Anderson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwalinganisha wagonjwa wenye jeraha la mbele na wenye jeraha mahali pengine, na kipimo hiki hakikuwatenganisha. Kuna watu wenye uharibifu mkubwa wa mbele waliomaliza zamu zote, na wenye jeraha la nyuma waliong'ang'ania. Kuhama kutoka kanuni moja hadi nyingine kunahitaji kuona, kukumbuka jibu lililopita, kuvumilia kukosolewa, na ndipo kuachilia. Mnyororo ukikatika popote, kadi inaangukia mahali palepale. Kwa hiyo picha ya kichwa ndiyo inayosema jeraha liko wapi, na kadi husema mtu anafanya nini na habari kwamba amekosea. Mimi siruhusu la pili lijibu swali la kwanza.

Kwetu kuna tahadhari ya ziada. Majedwali ya Heaton yanayotuambia makosa mangapi ni mengi yalitengenezwa Marekani, kwa umri na miaka ya shule ya watu wa huko. Umri na elimu huvuta namba hii kwa nguvu hata kwa watu wasio na jeraha. Mtu aliyeishia darasa la saba, ambaye hajawahi kupewa kazi ya mezani isiyo na maelezo, akisomwa kwa jedwali lisilokuwa lake anaweza kutangazwa mgonjwa kwa sababu ya shule aliyoikosa. Kwa huyo natumia namba zake mwenyewe: anavyopungua kutoka badiliko la kwanza hadi la nne, uwiano wa kung'ang'ania na makosa mengine, na maneno aliyosema. Na nikimpima tena baada ya mwaka, sishangilii akifanya vizuri zaidi, maana siri ya kipimo, kwamba kanuni hugeuka, anaijua tayari. Ila akiijua na bado akakwama palepale, hilo lina uzito kuliko mara ya kwanza.

Sasa ripoti ya mtunza stoo inaandikwaje? Tuseme tumempa kadi 48 za Nelson, na kila alipoambiwa kanuni imebadilika, alihama baada ya kosa moja au mawili. Basi ninaandika hivi: anashika kanuni na kuifuata, haiachi kanuni ya zamani kwa kukosolewa tu, hata pale anapotamka kwamba imekufa, lakini anaiacha akiambiwa kwa maneno wakati uleule wa kubadilisha. Stoo ikipangwa upya, asiachwe agundue kutokana na malalamiko. Aambiwe siku hiyo, palepale kwenye rafu, na lebo za zamani zibanduliwe zote, maana lebo ya zamani ikibaki itamvuta kama ile kadi nyekundu ilivyomvuta. Kisha msimamizi wake amtazame kwa wiki mbili kazini, kwa sababu stoo ina kelele na watu, na meza yangu haina. Namba 47 naiandika chini ya maelezo hayo, pamoja na jina la jedwali nililolitumia na tahadhari yake.